Namba 214

Mtoto wa mama yangu mdogo alimaliza kidato cha sita mwaka 2023 akiwa na miaka kumi na tisa, au kumi na minane. Ilitegemea unamuuliza nani. Kitabu cha kuandikisha wanafunzi katika shule yake ya msingi kilisema alizaliwa mwaka 2005. Bibi alisema hapana, huyu alizaliwa mvua za vuli zikiisha, siku moja baada ya Krismasi, kabla ya mwaka huo. Mama yake, ambaye angemaliza ubishi kwa sentensi moja, alifariki mdogo wangu akiwa darasa la tatu. Kadi ya kliniki ilipotea katika hamahama zilizofuata. Cheti cha kuzaliwa hakikuwahi kuwepo, kwa sababu alizaliwa nyumbani, Karagwe, na hakuna aliyekwenda kuandikisha.

Kukosa cheti hakukumsumbua mpaka alipotaka mkopo wa chuo. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na dirisha la maombi halimsubiri mtu. Kwa umri wake ilibidi aandikishwe kama kizazi kilichochelewa, na kwa maombi ya namna hiyo msajili hutaka nyaraka za kumsaidia kuamini: kadi ya kliniki, cheti cha shule, barua ya mtendaji, cheti cha ubatizo. Sisi tulibaki na hicho cha mwisho, ambacho nacho hatukuwa nacho mkononi. Kilikuwa kitabuni, parokiani.

Lakini parokia ipi? Mdogo wangu alibatizwa kwenye kigango ambacho leo ni parokia kamili, yenye paroko wake na mhuri wake. Tulikwenda hapo kwanza. Katibu, mama mmoja mpole, alifungua kitabu chake cha kwanza akatuonyesha kwamba kinaanza mwaka 2011. "Wanangu, wa kabla ya hapo wako kwa mama," alisema, akimaanisha parokia mama. Parokia ikigawanyika, waumini huhama na vitabu vya zamani hubaki. Tukapanda bodaboda tena.

Huko tuliulizwa maswali matatu: jina la ubatizo, majina ya wazazi, na mwaka wa ubatizo. Mwaka ndio tuliokuwa hatuna uhakika nao, lakini Bibi alikumbuka kwamba ilikuwa mkesha wa Pasaka, watoto wengi, mishumaa mingi. Katibu akaanza na Pasaka ya 2005, akarudi nyuma mwaka mmoja. Namba 214. Amebatizwa tarehe 10 Aprili 2004. Jina la baba, jina la mama, jina la msimamizi, jina la padre aliyebatiza. Amezaliwa tarehe 26 Desemba 2003.

Nilitaka kushangilia, lakini paroko, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, alituambia jambo ambalo sijalisahau. Mstari ule, alisema, una tarehe mbili, na hazina uzito sawa. Tarehe ya ubatizo aliishuhudia padre mwenyewe. Alikuwepo, alimwaga maji, kisha ikaandikwa. Tarehe ya kuzaliwa hakuishuhudia. Aliambiwa na mama wa mtoto, au katekista aliambiwa, naye akapeleka. Kwa hiyo kitabu kinathibitisha kwa nguvu kwamba tarehe 10 Aprili 2004 mtoto huyu alikuwa amekwisha kuzaliwa. Kwamba alizaliwa hasa tarehe 26 Desemba, kinasema tu kuwa mama yake alisema hivyo alipokuwa bado anamnyonyesha.

Kwa kesi yetu, hilo lilitosha. Mtu hawezi kubatizwa Aprili 2004 halafu akazaliwa 2005. Kitabu cha shule kiliandikwa mwaka 2011 na mwalimu aliyemkuta mtoto mlangoni, akamtazama, akakadiria. Cha kanisa kiliandikwa miezi mitatu na nusu baada ya kuzaliwa, wakati ambapo hakuna aliyejua kwamba siku moja umri wa mtoto huyu ungekuwa na thamani ya ada. Kwa mtoto mchanga, pengo kati ya tarehe mbili ni dogo, kwa hiyo hata mama akikosea, amekosea kwa wiki. Ingekuwa amebatizwa akiwa mtu mzima baada ya mafundisho ya ukatekumeni, mstari uleule usingetuambia karibu chochote kuhusu umri wake.

Tulijuaje kwamba mstari wenyewe haukuingizwa baadaye? Kwa kuangalia majirani zake. Namba 213 na 215 zilikuwa za siku ileile, mwandiko uleule, wino uleule. Kitabu kimeshonwa na namba zinafuatana, hivyo mtu akitaka kuongeza jina la zamani hana pa kulibana. Pembeni mwa mstari kulikuwa na maandishi mengine, mafupi: kipaimara, 2016. Kanisa Katoliki huandika kwenye ukingo wa ukurasa huo mambo yanayompata mtu baadaye, kipaimara, ndoa, upadre. Kila nyongeza ya mwaka mwingine na mkono mwingine ni ushahidi kwamba mstari ulikuwepo hapo kabla yake.

Tatizo lilibaki kwenye jina. Kitabuni ni Yohane, shuleni ni Johnson. Majina ya wazazi yalifanana, na msimamizi wake wa ubatizo yuko hai, anauza ndizi sokoni. Tulikwenda kwa wakili, ukaandikwa kiapo kwamba Yohane na Johnson ni mtu mmoja. Kabla ya kuondoka parokiani tulisoma pia cheti tulichoandikiwa, neno kwa neno, tukilinganisha na kitabu. Katibu alikuwa amenakili tarehe ya ubatizo kwenye nafasi ya kuzaliwa. Alicheka, akachana, akaandika upya. Kosa hilo lingefika kwa msajili likiwa na mhuri wa kanisa.

Wenye wazazi au mababu wasio na vyeti wanafaa kujua jambo moja zaidi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaagiza tarehe na mahali pa kuzaliwa viandikwe kitabuni. Ile ya mwaka 1917 iliagiza majina, wazazi, wasimamizi, mahali na siku ya ubatizo, bila kutaja siku ya kuzaliwa. Mapadre wengi waliiandika hata hivyo. Lakini ukiikosa kwenye kitabu cha 1958, usidhani kimeharibika. Chukua siku ya ubatizo, useme kwa haki: alizaliwa si baada ya hapa.

Ofisini kwa Mkuu wa Wilaya, msajili aliziweka karatasi zetu mstari mmoja juu ya meza: barua ya mtendaji, rekodi ya shule, cheti cha ubatizo, kiapo. Aliuliza kwa nini shule inasema 2005. Nikamwonyesha Aprili 2004. Aliitazama kwa muda, akaandika 26/12/2003.

Nyuma yetu kwenye benchi alikaa kijana aliyesoma na mdogo wangu, Mwislamu, naye alizaliwa nyumbani. Alifanyiwa akika, mbuzi akachinjwa, jina likatangazwa, watu wakala wakaomba dua. Hakuna aliyeandika. Alikuja na mjomba wake na kiapo kimoja. Msajili alimwambia arudi na karatasi nyingine yenye tarehe, yoyote. Mjomba akauliza, "Kama ipi, mzee?" Tulipotoka walikuwa bado wanaorodhesha mahali ambapo mtu, zamani, angeweza kuwa ameandika jina la yule mtoto.