MESEJI YA JUMAMOSI KWA MTOTO ALIYE BWENI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo nasema na wewe mzazi ambaye mtoto wako yuko shule ya bweni. Kosa nitakalolieleza nimelifanya mimi mwenyewe, imamu mzima, mtu wa kuwanasihi watu kila Ijumaa. Huenda na wewe unalifanya, na hujalijua.

Januari mwaka 2023 nilimpeleka binti yangu kidato cha kwanza, bweni, mkoani Morogoro. Tulitoka hapa Masaki alfajiri, godoro na ndoo juu ya gari, mama yake analia kimyakimya. Shuleni kwake, kama shule nyingi za bweni hapa nchini, mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Matroni akatupa utaratibu: mzazi atume meseji kwenye simu yake siku ya Jumamosi, na baada ya Alasiri atamwita mtoto asomewe au asome mwenyewe. Mtoto akiwa na jibu, matroni ataliandika.

Nikafurahi. Kila Jumamosi nikawa natuma. Nakuonyesha meseji moja ya siku hizo, nilikuwa bado ninayo kwenye simu:

"Asalaam alaykum. Hujambo? Unaswali kwa wakati? Chakula unakula? Hesabu umepata ngapi? Ile sabuni imeisha? Kwa nini wiki iliyopita hukujibu? Umerudia juzuu yako? Unaumwa? Marafiki zako ni watu wa namna gani? Soma kwa bidii, ada ni kubwa."

Hesabu mwenyewe, ndugu yangu. Maswali tisa, na mwisho nimemkumbusha deni. Majibu yaliyokuwa yanakuja ni haya: "Nzuri baba. Niko salama." Wiki baada ya wiki, maneno yale yale.

Siku ya kutembelea wanafunzi tukaenda, mimi na mama yake. Mtoto amekonda, shavu moja limevimba kidogo. Kumbe jino lilikuwa linamuuma karibu wiki tatu, anatafunia upande mmoja. Nikamwambia, mwanangu, mbona kila wiki nakuuliza kama unaumwa, na wewe unajibu uko salama? Akatazama chini. Akasema, "Baba, maswali yako ni mengi, sijui nianze lipi. Na matroni anasoma kwa sauti, wenzangu wanasikia alama zangu."

Wallahi neno lile lilinikaa. Nilidhani namfuatilia. Kumbe kila Jumamosi namsimamisha mbele ya watu namfanyia mtihani, na tena mtihani usio na nafasi ya kujibu.

Angalieni jambo lenyewe lilivyo. Mtoto wa bweni haongei na wewe. Anapokea maneno yako kupitia simu ya mtu mwingine, kwa dakika mbili, wenzake wamesimama nyuma kwenye foleni wanasubiri zamu yao. Ukimuuliza swali moja, anaweza kulijibu. Ukimuuliza tisa, atatafuta neno moja litakaloyafunika yote, na neno hilo ni "nzuri". Ndani ya "nzuri" hiyo jino bovu linaingia, na hofu inaingia, na kuibiwa ndoo kunaingia. Hakukudanganya. Wewe hukumwachia njia.

Nikarudi nyumbani nikafungua Suratu Luqman, sura ya 31, ambayo nimeisomesha madrasa miaka mingi. Tazameni Luqman anavyosema na mtoto wake kuanzia aya ya 13 hadi ya 19. Mara tatu anamwita "yaa bunayya". Neno hilo kwa Kiarabu ni mtoto kwa kupunguza, neno la mapenzi, kama sisi tunavyosema "kijanangu". Anamwambia kuhusu tawhidi, anampigia mfano wa chembe ndogo ya hardali, anamwambia kuhusu Swala na subira, hata mwendo na sauti. Hamuulizi swali hata moja. Nilikuwa naisoma aya ile na sikuliona hilo.

Kisha kuna Anas bin Malik, Allah amridhie. Alipelekwa kumtumikia Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akiwa kijana mdogo wa umri wa miaka kumi hivi, akakaa naye miaka kumi. Imo katika Bukhari na Muslim kwamba Anas alisema katika miaka yote hiyo hakuwahi kuambiwa kwa jambo alilolifanya, kwa nini umelifanya, wala kwa alilolikosa, kwa nini hukulifanya. Mimi nilimuuliza binti yangu "kwa nini" ndani ya wiki sita.

Basi nikabadili. Mpango wangu ni huu, na umechukua nafasi ya meseji mbili za simu ya kawaida, hauzidi hapo.

Kwanza naandika habari moja ya nyumbani, ndogo, ya kweli, inayohusu kitu anachokijua yeye. Pili naandika jambo moja alilowahi kulifanya vizuri, nimtie nguvu kwalo. Tatu dua. Basi. Meseji ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa hivi:

"Assalaamu alaykum mwanangu. Yule kuku wako mweupe ametotoa vifaranga saba nyuma ya jiko. Sasa hatupiti, anatufukuza kama mwenye nyumba ni yeye, hata mimi nimekimbia kanzu mkononi. Nimekumbuka ulivyoirudia Suratul Mulk mpaka ikakaa, hukuchoka. Allah akufungulie. Si lazima ujibu. Baba."

Matroni aliniambia baadaye kwamba watoto walicheka wote, na binti yangu akaomba asomewe tena.

Jumamosi ya pili nikaandika habari ya mkorosho wa kwa bibi yake ulioanza kutoa maua. Ya tatu nikaandika kwamba kifaranga mmoja kachukuliwa na mwewe, wamebaki sita. Wiki hiyo ndipo lilipokuja jibu refu la kwanza. Aliuliza ni kifaranga yupi, mweusi au wa madoa. Halafu, bila kuulizwa na mtu, akaongeza: "Baba, jino limeanza tena, upande ule ule." Siku ya Jumatatu nilizungumza na matroni, akapelekwa zahanati, likang'olewa. Swali la "unaumwa?" nililolituma wiki zote zile halikulitoa jino hilo. Lilitolewa na habari ya kuku.

Sasa nitaje mambo matatu ambayo mzazi hukosea hata akishaacha maswali.

La kwanza ni kumtwisha huzuni yako. Usimwandikie "nyumba imekuwa kiza, mama yako hali kwa kukukumbuka". Umekusudia mapenzi, lakini yeye atalala usiku anawaza kwamba kuondoka kwake kumemwumiza mama. Mwambie mmemkumbuka mkicheka. Na habari nzito, ya msiba au maradhi makubwa nyumbani, haipelekwi kwa meseji ya kusomwa kwenye foleni. Zungumza kwanza na mwalimu mlezi, kisha mwambie mtoto kwa sauti yako au kwa uso wako.

La pili ni kumtia moyo kwa matokeo. "Najua utakuwa wa kwanza" si kutia moyo, ni kuweka sharti. Akiwa wa ishirini, ataogopa Jumamosi yako. Mtie moyo kwa juhudi aliyokwisha kuionyesha, ambayo hakuna mtihani utakaomnyang'anya. Ndiyo maana mimi nilitaja Suratul Mulk, maana ile aliirudia kwa macho yangu.

La tatu ni kutuma leo tano na kisha mwezi mzima kimya. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alitufundisha kwamba amali zipendezazo zaidi kwa Allah ni zile zenye kudumu, hata zikiwa chache. Mtoto wa bweni anahesabu siku. Jumamosi baada ya Alasiri anasikiliza kama jina lake litaitwa. Wiki usiyotuma, yeye hajui kama ni salio limekwisha au amesahauliwa. Mimi naandika Ijumaa usiku baada ya Isha, naiweka tayari, asubuhi naituma.

Najua kuna atakayesema, shekhe, tusiulize kabisa, tutajuaje hali ya mtoto? Maswali yana mahali pake, ndugu yangu. Ya chakula, ada na vifaa muulize matroni. Ya masomo muulize mwalimu wa darasa. Ya moyo wake muulize mwenyewe siku ya kutembelea au likizo, mkiwa wawili, mnatembea, hamna anayesikia. Na hata kwenye meseji swali moja jepesi si haramu. Anas alikuwa na mdogo wake, Abu Umayr, aliyekuwa na kindege anayecheza naye. Mtume alikuwa akimtania mtoto yule kwa kumuuliza habari za kindege chake. Ni swali, lakini ni swali la kitu anachokipenda mtoto, na halimtii hatiani. Mimi huuliza mara moja moja: tumpe jina gani yule jogoo?

Na usikae ukadhani meseji nzuri inatosha kwa kila jambo. Mtoto kutojibu wiki moja si alama ya hatari, mradi umemwambia si lazima. Alama ni mabadiliko. Aliyekuwa anatania, sasa anatuma neno moja tu. Anaomba pesa mara kwa mara na hasemi za nini. Anaomba umfuate umrudishe nyumbani. Au matroni anakwambia hata kuja kuchukua meseji hataki. Ukiona hayo, usiongeze maswali kwenye simu ya watu. Piga simu kwa mwalimu siku hiyo hiyo, na ukiweza panda gari uende ukamwone. Huenda anaonewa, huenda anaumwa, na hilo hatalisema mbele ya foleni.

Binti yangu sasa yuko kidato cha juu zaidi. Likizo iliyopita alitoa kwenye sanduku daftari dogo. Mle ndani alikuwa amenakili meseji zangu kwa mkono wake, zote za kuku, za mkorosho, za mvua, za bibi yake kugombana na mbuzi. Nikaangalia kama zile za mwanzo zimo. Hakunakili hata moja.

Kesho kutwa ni Jumamosi. Leo, ukitoka kuswali, tazama uani kwako kuna nini ambacho mtoto wako angecheka akikisikia. Kiandike hicho, umwombee dua, utie jina lako, uache hapo.

Ee Allah, wahifadhi watoto wetu walio mbali na macho yetu, na utujaalie wawe kitulizo cha macho yetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullah.