Swali la mjomba Goziba

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Goziba. Tukiwa tunaanika dagaa, mjomba akaniuliza: “Mnafundishwa kwamba umoja wa Afrika ulileta uhuru. Mbona Amin alipovamia Kagera mwaka 1978 huo umoja haukututetea?”

Nikamwambia, mjomba, umoja ule ulikuwa na kazi maalumu. OAU ilipoundwa Addis Ababa mwaka 1963, ilianzisha Kamati ya Ukombozi, makao yake Dar es Salaam. Nchi wanachama zilichanga fedha, kamati ikazifikisha kwa wapigania uhuru. FRELIMO walipata kambi kule Kongwa, na mwaka 1975 Msumbiji ikawa huru.

Lakini meno yale yalimng'ata mkoloni tu. Wakubwa hawakupenda kunyosheana vidole, na Amin mwenyewe alishawahi kuwa mwenyekiti wao, 1975 hadi 1976. Alipotuvamia, OAU ilihimiza usuluhishi, haikumlaani.

Mjomba akaguna: “Kwa hiyo tulikuwa peke yetu?”

Hapana. Msumbiji ya Samora ilituma wanajeshi kutusaidia. Kwenye mtihani wa historia tunaandika OAU. Mimi naongeza na hilo, maana deni la Kongwa lililipwa Kagera.