Inua Kisigino, Mzee Wangu

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa miaka mingi kazi yangu ilianzia kwenye karatasi ya rufaa: ikisema goti limeteguka, mfupa hauna shida, mgonjwa azoezwe misuli ya paja, basi namzoeza. Siku hizi karatasi naisoma baadaye. Kilichonibadilisha ni goti la seremala mmoja, mzee wa miaka 58 mwenye kisukari.

Alikuwa akishuka ngazi zenye maji. Mguu ukateleza, goti likakunjika ghafla huku akijikaza asianguke, akasikia kitu kimelia “pwa!” juu ya goti. Alikokwenda kutibiwa kwanza alipigwa eksirei, akaambiwa hakuna mfupa uliovunjika, akafungwa bandeji na kupewa dawa za maumivu. Kwangu alifika siku ya kumi, akitembea. Ila alitembea kwa kuurusha mguu kutoka nyongani, na goti kalikaza kwa nyuma lisije likakunjika.

Siku hiyo daktari bingwa wa mifupa alikuwa anapita chumbani kwetu. Alimtazama akitembea, akamwamkia, akamlaza chali.

“Mzee wangu, nyoosha goti, kisha inua kisigino kitoke kitandani.”

Mguu mzima ukapanda bila shida. Mguu wenye jeraha, paja lilijikaza likawa gumu kama gogo, lakini kisigino hakikubanduka. Pia ya goti nayo haikusogea hata kidogo. Daktari akanishika mkono, akaniwekea kidole kwenye ukingo wa juu wa pia. Pale ambapo kano nene ya paja ilipaswa kuwepo, kidole kilizama.

Kano hiyo huunganisha misuli ya mbele ya paja na pia ya goti. Chini ya pia ipo nyingine inayoshuka hadi mfupa wa muundi. Zote mbili na pia yenyewe ni mnyororo mmoja, na kazi yake ni kunyoosha goti. Ukikatika popote, goti halinyooki. Ya juu hukatika zaidi kwa waliovuka miaka 40, hasa wenye kisukari, ugonjwa wa figo au waliotumia dawa za steroidi. Hapo pia ya goti hushuka kidogo, na shimo liko juu yake. Ya chini hukatika zaidi kwa vijana wanaoruka viwanjani; pia hupanda juu, na shimo liko chini yake. Eksirei ya mzee ilionyesha pia iliyoshuka, ila aliyeitazama alikuwa akitafuta ufa wa mfupa.

Nikauliza: huenda hainui kwa sababu ya maumivu? Swali hilo lina haki yake. Daktari akanyonya damu iliyojaa gotini kwa sindano, akaweka ganzi, akasubiri, akamwomba tena. Maumivu yaliisha, kisigino kikabaki palepale. Nikajua mazoezi niliyotumwa kumpa yasingefika popote, kwani msuli haukuwa umeshika kitu.

Tahadhari moja: wapo wanaoinua mguu kidogo, goti likiwa limelegea nyuzi kadhaa, kwa sababu nyuzinyuzi za pembeni mwa pia hazijakatika. Hao ndio hupita bila kugunduliwa. Uvimbe nao huweza kuziba shimo, na hapo altrasaundi husaidia.

Mzee alipasuliwa siku ya kumi na mbili. Kano ilishonwa kwa uzi mnene usioyeyuka, uzi ukapitishwa kwenye matundu yaliyotobolewa ndani ya pia, ukafungwa upande wa chini. Mguu ulikaa umenyooshwa ndani ya gango kwa wiki sita, akiukanyagia kwa magongo, ndipo tukaanza kulikunja goti polepole.

Haraka ile ina sababu. Kano iliyokatika kabisa haijiungi yenyewe: msuli huivuta juu, hufupika, na kovu huishika huko. Ndani ya wiki mbili au tatu za mwanzo ncha hukutana kwa urahisi. Nimemhudumia pia mama aliyefika baada ya miezi. Daktari alilazimika kuirefusha kano kwa kuichana na kupandikiza kipande cha kano nyingine, na hadi leo hapandi ngazi bila kushika ukuta. Rais Bill Clinton wa Marekani alipoteleza ngazini Machi 1997 na kuchanika kano hiyohiyo, alishonwa siku ileile. Sisi hatuna ndege ya rais, lakini wiki mbili tunazo.

Aliyechanika kidogo na bado anainua mguu ulionyooka anaweza kutibiwa kwa gango bila upasuaji. Aamue daktari wa mifupa.

Ndugu msomaji, ukianguka goti likavimba, lala chali ujaribu kuinua kisigino goti likiwa limenyooka. Kikigoma, mwone daktari wa mifupa wiki hiyohiyo, hata kama umeambiwa eksirei ni safi.