Saa Kumi na Mbili ya Nani?

Jumapili moja jioni, saa moja na dakika kumi, Mwalimu aliweka notisi kwenye kundi letu la kazi la WhatsApp. Kundi lilikuwa na watu thelathini na mmoja: wahojaji ishirini na saba, wasimamizi wawili, Mwalimu na mimi. Notisi ilisema hivi: "Kesho gari inaondoka 12:00 AM kamili. Haitangoja mtu."

Mwalimu si mwalimu tena. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kuingia kwenye kazi za utafiti, na jina likabaki. Kwa umri ni baba yangu kabisa. Kichwani mwake, gari lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Akaandika kumi na mbili kama tunavyoitamka, halafu akaongeza AM kwa sababu ni asubuhi. Ukimsikia akisema, yuko sawa. Lakini kwenye skrini ya simu, 12:00 AM ni usiku wa manane, na kijana wa Nairobi aliyezoea kusoma saa kwa Kiingereza akiona AM imekaa vibaya anaamua mwenyewe kwamba ni saa sita mchana.

Nilifungua simu saa moja na nusu hivi. Tayari kulikuwa na majibu. Kumi na moja yalisema tu "Noted." Mmoja aliuliza, "Kwani tunasafiri usiku ya leo?" Mwingine akaandika, "Poa, nitapitia saluni kwanza." Huyo wa saluni ndiye aliyenishtua. Yule wa kwanza alikuwa na swali, na mtu mwenye swali hujibiwa. Wa saluni hakuwa na swali lolote. Na hao kumi na mmoja wa "Noted" hakuna aliyejua walikuwa wameelewa saa gani.

Tulikuwa tunaenda Makueni. Chifu alikuwa ametuitia wazee wa vijiji tukutane saa nne asubuhi, na bila wao hatungeingia kwa nyumba ya mtu yeyote. Gari likiacha watu kumi Nairobi, au likiwangoja hadi mchana, wazee wangerudi mashambani kwao, na kuwaita tena si kazi ya siku moja.

Kidole changu kilikuwa tayari kimeshashika ile notisi ili nijibu juu yake. Nilijua hata nitakachoandika: "Mwalimu, AM gani tena hiyo?" na vikaragosi viwili vya kucheka. Nikaacha, kwa sababu nilishawahi kufanya hivyo.

Mwaka mmoja kabla, kwenye mradi mwingine, msichana mmoja mhojaji aliwaambia wenzake kwenye kundi wahoji kaya kumi na mbili kila kijiji. Zilikuwa kumi. Nilijibu juu ya ujumbe wake, ili kila mtu aone jina lake na kosa lake pamoja, nikaandika asome maagizo tena. Watu wakacheka, bana. Hata yeye aliweka kikaragosi cha kucheka. Kosa lilirekebishwa kwa dakika mbili na nikajiona kichwa.

Wiki mbili baadaye, tableti yake ilikataa kutuma data. Ilikataa siku nne. Hakusema kitu kwenye kundi, wala hakunipigia. Alikuwa anaizima na kuiwasha, anaomba Mungu. Tulipogundua, mahojiano ishirini na tatu yalikuwa yamepotea, na ilibidi arudi nyumba hadi nyumba kuwaambia watu, samahani, tuanze upya. Nilipomuuliza kwa nini hakusema mapema, aliangalia chini akaniambia, "Si ungeniweka kwa grupu." Sikuwa na jibu.

Basi Jumapili hiyo niliondoa kidole. Kwanza nilimpigia dereva. Hili ni jambo ambalo watu huruka: kabla ya kumwambia mtu amekosea, hakikisha si wewe uliyekosea. Ratiba inaweza kuwa imebadilishwa na wewe hujaambiwa. Dereva akasema, "Ni kumi na mbili asubuhi, na mimi nitakuwa hapo kumi na moja." Vizuri.

Halafu nikamwandikia Mwalimu kando:

"Mwalimu, za jioni. Kwa notisi ya kesho imeandikwa 12:00 AM. Nimeongea na dereva, ni saa kumi na mbili asubuhi, yaani 6:00. Naona mmoja ameelewa ni mchana. Nimekuandikia notisi nyingine hapa chini. Ukiona iko sawa, iweke, ama niambie niiweke mimi. Wale wa mbali wanafaa kujua kabla ya saa tatu."

Nitaeleza kwa nini niliandika hivyo. Nilisema "imeandikwa", si "umekosea". Nilimwonyesha mtu ambaye tayari ameelewa vibaya, kwa sababu bila huyo Mwalimu angeweza kuniambia kila mtu anajua anachomaanisha, na angekuwa na haki ya kusema hivyo. Notisi mpya ilikuwa tayari, kwa hivyo hakuhitaji kukaa chini kutafuta maneno huku akiwa na aibu. Na niliweka muda. Saa tatu haikuwa amri yangu kwake. Ni kwamba anayekaa Kitengela au Thika hupanga usiku jinsi atakavyofika mjini alfajiri, na akishalala hakuna ujumbe utakaomsaidia.

Nilitamani auweke yeye mwenyewe. Mtu akirekebisha kosa lake, linakuwa jambo dogo la kawaida. Hangeweza tena kuhariri ile notisi ya kwanza, kwa sababu WhatsApp hukupa dakika kumi na tano tu za kuhariri, nazo zilikuwa zimepita. Hata kama angewahi, kuhariri peke yake hakungetosha. Aliyeshasoma haletewi arifa nyingine, na nakala ambayo mtu ameshatuma kwingine haibadiliki. Ilihitajika notisi mpya kabisa.

Tiki ikabaki moja ya kijivu. Saa mbili nikampigia. Mteja hapatikani. Nikapiga tena baada ya dakika kumi. Mteja. Baadaye nilijua alikuwa kwa mazishi ushago na simu ilikuwa imezima chaji.

Mimi pia ni msimamizi wa kundi, na wasimamizi wanaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote. Nilifikiria kuifuta ile notisi. Lakini ujumbe ukifutwa hivyo, kundi zima linaona kwamba msimamizi ameufuta, na watu wataanza kuuliza Mwalimu alikuwa ameandika nini. Nikaiacha ilipo.

Saa mbili na dakika ishirini na tano nikaweka hii:

"Habari za jioni. Safari ya kesho Jumatatu: gari inatoka nje ya ofisi saa kumi na mbili alfajiri (6:00 asubuhi). Tufike saa kumi na moja na nusu (5:30). Beba kitambulisho, tableti iliyochajiwa na sweta. Muda huu ndio wa kufuata. Tafadhali jibu kwa jina lako na saa utakayofika."

Sikuijibu ile ya kwanza, maana kufanya hivyo kungevuta jina la Mwalimu juu ya maneno yangu. Sikuandika "Mwalimu alimaanisha." Sikuomba msamaha kwa niaba yake pia, kwa sababu msamaha ni wake, na kumwombea mtu msamaha hadharani ni njia nyingine ya kumtaja. Nilirudia maelezo yote ili mtu asihitaji kupanda juu kulinganisha notisi mbili. Kisha nikaibandika juu ya kundi kwa saa ishirini na nne.

Lakini kuna kitu ambacho sikukificha: kwamba muda wa kufuata ni huu. Kuna watu wakitaka kumlinda mwenzao wanaandika kitu laini sana, ati "kuwakumbusha tu," hadi msomaji hajui kama kuna kilichobadilika. Hapo umemlinda Mwalimu na umemwacha wa saluni huko saluni.

Jibu la jina na saa lilikuwa la kuziba lile shimo la "Noted." Hadi saa tatu, ishirini na wanne kati ya wahojaji ishirini na saba walikuwa wameandika saa zao. Watatu nikawapigia. Mmoja alikuwa kwa shughuli za kanisa na hakuwa ameona chochote. Wa pili alikuwa sawa. Wa tatu akasema, "Ai, mimi nilijua ni mchana," na hakuwa yule wa saluni.

Kabla ya kulala nilimwandikia Mwalimu tena: "Sikukupata kwa simu, nimeiweka saa mbili na nusu hivi. Sikutaja notisi ya kwanza ni ya nani. Watu wote wamethibitisha." Hii ya mwisho ni muhimu kama ile ya kwanza. Asingefaa kuwasha simu na kukuta mtu mdogo amezungumza mahali pake bila neno.

Aliwasha karibu saa nne usiku. Kwangu aliandika, "Asante, kijana. Nilichanganya." Kisha akaenda kwenye kundi mwenyewe: "Muda ni huo wa alfajiri. Ile 12:00 AM ilikuwa yangu, nisameheni." Mmoja akamjibu, "Hakuna noma, Mwalimu," na hayo yakaisha.

Sasa, si kila kosa linaweza kungoja. Kama Mwalimu angekuwa ameweka nambari isiyo sahihi ya kutumia pesa, singesubiri dakika arobaini na tano. Ningeandika kwenye kundi mara moja, "Tafadhali msitume kwanza, tunathibitisha nambari," halafu nimpigie. Na kama angekuwa amekosea tahajia tu, ningenyamaza. Kipimo changu ni kimoja: ni saa ngapi mtu wa kwanza atafanya kitu kwa sababu ya kosa hili?

Jumatatu gari liliondoka saa kumi na mbili na dakika nne, likiwa na watu wote.

Wiki tatu baadaye, usiku, simu ikalia. Ilikuwa Mwalimu, na hakuwa ameandika kwenye kundi ambalo mchana huo nilikuwa nimeweka orodha ya malipo ili watu wathibitishe kabla ya mhasibu kutuma M-Pesa kesho yake.

"Kijana, za usiku," alisema. "Orodha yako, naona majina yamepangwa kwa alfabeti lakini nambari za simu hazijasogea. Yangu iko kwa mtu mwingine. Iangalie kabla hawajaamka."

Nikafungua kompyuta. Kila mtu kwenye orodha alikuwa na nambari ya mwenzake.