Lile 'Si' Liliniponza

Msomaji wangu, usicheke. Nikiwa shule huku Sibwesa, mtihani wa Kiswahili uliuliza: "Sentensi ipi si sahihi?"

A. Kiti kimevunjika.
B. Viatu kimepotea.
C. Vyakula vimeiva.
D. Kisu kimeanguka.

Mimi mbio mbio, nikaona A imenyooka, nikaizungushia duara, nikapita zangu. Kumbe jibu ni B: viatu ni wingi, vimepotea. Sarufi niliijua, ila lile "si" sikuliona. Maksi ikaenda na maji.

Siku hizi mdogo wangu namwambia: pigia mstari "si", kisha kila sentensi iandikie kando S ya sahihi au K ya kosa, ndipo uchague. Ukiona majibu matatu yote ni sahihi, shtuka ndugu yangu, lisome swali upya!