Harufu ya Breki: Moyo Baada ya Ajali, na Kwa Nini Kukimbia Kumbukumbu Hakutuponyi



Sisi ni wanawake wanne wa visiwani tunaoishi Sumbawanga, waume zetu wameletwa huku na kazi. Leo tunazungumza jambo ambalo mwenzetu mmoja ametupa ruhusa kulisimulia, kwa sharti jina lake lisitajwe.

Uwanda wa Ufipa uko juu, kwenye baridi na ukungu. Ukitaka mchele na samaki wa bonde la Ziwa Rukwa, unapita Ntendo kisha unateremka mlima mrefu wenye kona kali mpaka Muze. Siku tuliyoteremka sote wanne, dereva alikuwa akikanyaga breki tangu mwanzo wa mteremko badala ya kushuka kwa gia ndogo. Breki zikapata moto, zikatoa harufu kali ya kuungua, halafu zikagoma. Dereva akalibamiza gari kwenye ukuta wa mlima, likalala ubavu. Alhamdulillah, hakufa mtu. Mmoja wetu alivunjika mkono, na huyu mwenzetu alitoka na michubuko tu.

Wiki za mwanzo sote tulikuwa vibaya. Usingizi wa mang'amung'amu, mlango ukijibamiza tunaruka, chakula hakipiti. Hilo si ugonjwa wala si udhaifu wa imani. Mwili uliookoka kifo hubaki macho kwa muda, na kwa watu wengi hali hiyo hupungua yenyewe ndani ya mwezi hivi. Katika siku hizo mtu anahitaji kulala, kula, kuwa na watu wake, na kuzungumza akipenda mwenyewe. Kumkalisha siku ya pili na kumlazimisha aeleze kila kitu hakumkingi na chochote, na kwa wengine huzidisha.

Watatu tulitulia. Yeye hakutulia. Mwezi wa tatu alikuwa bado anarudiwa na tukio. Hatusemi kukumbuka tu, kwani kukumbuka ni kujua kwamba jambo limepita. Yeye alikuwa jikoni, mpira wa chungu cha presha ukaungua kidogo, na papo hapo akawa yuko mlimani: moyo mbio, mikono imeshika meza kama kiti cha gari, masikio yanasikia vioo. Baada ya dakika moja anajikuta amekaa chini, jasho linamtoka.

Muuguzi wa afya ya akili alitueleza vizuri. Wakati wa hofu kubwa akili haiandiki habari kwa mpangilio. Inahifadhi vipande: harufu, mlio, mwanga wa kioo. Vipande hivyo havina tarehe. Kikiguswa kimoja, mwili unakipokea kama jambo la sasa. Na habari ya mwenzetu ilikuwa na kasoro moja kubwa: kila mara ilikatikia pale gari linapoanza kulala. Mwisho wake, kwamba gari lilisimama na sote tukatoka hai, haukuwamo.

Hapo ndipo kukwepa kunapoingia. Kwanza aliacha barabara ya Muze, na nani angemlaumu? Kisha akaacha magari yote. Kisha akaacha kupita karibu na stendi, kwa sababu ya ngurumo za mabasi. Kisha soko, kwa kuwa njia yake inapita stendi. Majirani kwa huruma wakawa wanamletea vitu nyumbani. Mwishowe hata chungu cha presha kikawekwa juu ya kabati.

Kila alipokwepa alipata nafuu ya haraka, na nafuu hiyo ndiyo mtego. Akili inajifunza hivi: "Sikwenda stendi, nimesalimika, basi stendi ingeniua." Haipati nafasi ya kuona kwamba stendi ni kelele tu, na kwamba hofu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe hata usipokimbia. Kwa hiyo hofu haichakai. Inabaki mpya kama siku ya kwanza, na duara la mambo ya kuogopwa linapanuka.

Sisi wa visiwani tunalijua hili. Baada ya Spice Islander kuzama Septemba 2011, na Skagit Julai 2012, wapo ndugu zetu ambao hawajapanda boti tena, na wengine hata pwani hawakai.

Dawa yake ilipangwa kama ngazi, kwa njia iliyoendelezwa na mwanasaikolojia Edna Foa. Mwenzetu aliandika anayoyakwepa na kuyapa alama, 0 hadi 10. Kukaa ndani ya gari lililozimwa uani: 3. Gari limewashwa: 4. Kusimama stendi: 6. Kwenda Laela na kurudi mchana, barabara ya lami: 7. Kufika ukingo wa mlima na kuangalia bonde: 8. Kuteremka Muze: 10.

Kanuni ilikuwa kukaa mpaka hofu ishuke karibu nusu, na kurudia siku nyingine. Stendi siku ya kwanza ilipanda hadi 8. Alitaka kukimbia. Tulisimama naye, na baada ya kama dakika arubaini ikawa 4. Siku ya nne ilianzia 5. Angeondoka kwenye ile 8, angerudi nyumbani na somo lile lile la zamani.

Pamoja na hayo, kwa muuguzi alisimulia ajali yenyewe kwa sauti, tangu kupanda gari mpaka kutoka, tena na tena, akipunguza mwendo pale panapouma. Kila mara alifika mwisho: tumetoka, tuko hai. Kidogo kidogo habari ikapata tarehe.

Kuna jambo la dini hapa. Alikuwa akipanda gari anafumba macho na kuleta adhkari kwa kasi ili asione wala asisikie kitu. Muuguzi hakumkataza dhikri, hasha. Alimwomba asome dua ya safari kisha afumbue macho atazame barabara. Dua ni kumtegemea Allah huku upo njiani, si pazia la kujificha njia. Wapo pia waliosema ana jini, apungwe. Ruqya haikumdhuru, lakini haikugusa stendi.

Ngazi ina mipaka yake. Hapandishwi mtu kwenye hatari ya kweli: gari bovu, usiku, ukungu mzito. Alipoteremka Muze ilikuwa asubuhi kavu, na dereva anayeshuka kwa gia ndogo. Na ukiona mwezi umepita mtu bado anarudiwa na tukio, halali, anakwepa mengi zaidi kila wiki, mpelekeni kwa mtaalamu. Msipande ngazi ndefu peke yenu. Akisema bora angekufa, mpelekeni siku hiyo hiyo. Vidonge vya usingizi vya kununua dukani visiwe jibu, maana navyo ni kukwepa kwa namna nyingine.

Ilichukua karibu miezi mitatu. Harufu ya mpira ukiungua bado humshtua, naye husema: "Hiyo ni harufu, na leo ni leo." Kisha anazima jiko na kuendelea kupika.

Ukiwa na dada au mama anayezunguka njia ndefu kuepuka sehemu fulani, muulize kwa upole anazunguka nini, kisha mwambie utasimama naye.

Wabillahi tawfiq.