Dola Sitini za Mama Mjane

Siku moja ya mwezi wa tisa, masomo yalipokuwa yakianza, mama mmoja mjane anayeuza samaki hapa Bukavu alifika kwenye dirisha la koperative yetu ya akiba na mkopo. Mkononi alishika kitabu chake kidogo, kilichoandikwa dola 60, akiba ya mwaka mzima kwa ajili ya minervali ya watoto wake. Karani akamjibu kwa upole: «Mama, rudi siku ya Ijumaa.» Nami nilikuwa mmoja wa wale watatu waliochaguliwa kuamua nani apewe mkopo. Nilimwona akikifunga kitabu chake katika kitenge, nikaona haya.

Wasomaji wapenzi, hakuna mtu aliyekuwa ameiba. Feza zake zilikuwapo, ila hazikuwa sandukuni. Zilikuwa zimegeuka mbao katika karakana ya fundi mmoja, na magunia ya maharagwe katika duka la mwingine. Ndivyo ilivyo kazi ya koperative: akiba za watu wote huchanganywa pamoja, kisha hukopeshwa wanachama wenyewe. Tulikuwa na akiba za dola 4.000 hivi, na kanuni yetu ilituamuru tusikopeshe sehemu ya tano, yaani dola 800, ili mwenye akiba asikose feza siku akizitaka. Mwezi wa saba na wa nane maombi yalikuwa mengi, sisi tukawa wepesi wa kusema ndiyo. Zikabaki dola 300 tu. Tulisahau kwamba mwezi wa tisa wazazi wote huja kwa siku zilezile. Mwenye akiba aweza kuidai leo, bali mkopo hurudi pole pole, mwezi kwa mwezi.

Tumwangalie yule fundi wa mbao. Alikopa dola 300 kwa miezi 6, na riba yetu ni 2 kwa mia kila mwezi juu ya deni lililobaki. Kila mwezi hurudisha dola 50 za deni lenyewe. Mwezi wa kwanza huongeza riba ya dola 6. Mwezi wa pili, kwa kuwa deni limebaki 250, huongeza dola 5. Halafu 4, 3, 2, na mwisho 1. Jumla ya riba ni dola 21. Angehesabiwa 2 kwa mia juu ya zile 300 za kwanza mpaka mwisho, angelipa 6 kila mwezi, jumla 36. Maneno «2 kwa mia» ni yaleyale, lakini mzigo si ule ule. Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu wamwulize kila mkopeshaji: mbili kwa mia ya nini?

Zile dola 21 nazo si faida tupu. Humo hutoka mshahara wa karani, vitabu na kalamu, riba ndogo ya wenye akiba, na kitu kidogo cha kuziba hasara. Hebu wazia fundi ametoroka na dola 300 zote. Ingetupasa kukusanya riba ya mikopo 14 kama huo, bila kumlipa karani hata senti, na bado zingepunguka dola 6. Ndiyo maana twadai watu wawili wa kumsimamia mkopaji, wanaomjua nyumbani kwake, nao hulipa asipolipa. Dalili ya hatari twaijua: huyu aleta nusu ya malipo, tena akichelewa, kisha aomba mkopo mpya ili alipe wa zamani. Mkopo wa namna hiyo hupendeza kitabuni tu.

Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2002 imeziweka koperative za akiba na mkopo chini ya ulinzi wa Banki Kuu ya Kongo. Ni vema; lakini mkaguzi hayupo karani anapofungua sanduku asubuhi.

Juma lile tulikataa kila mkopo mpya, hata ule wa shemeji yangu, ambaye hakunisalimu kwa muda mrefu. Malipo ya wakopaji yakaingia siku ya Alhamisi. Ijumaa yule mama akarudi. Watoto wake walikuwa wamekwisha kurudishwa nyumbani siku mbili. Akahesabu noti zake mara mbili, kisha akaniuliza: «Mwalimu, nawe waweka feza zako hapa?»

Nikatoa kitabu changu mfukoni, nikamfungulia asome.